Hasara ya Mikate, Faida ya Saruji: Kujenga Taarifa ya Mapato Kutoka kwenye Orodha ya Masalio

Taarifa ya mapato ya hatua kwa hatua huanza na mauzo na kushuka hadi faida halisi ya mwaka, ikisimama njiani mara kadhaa ili kuonyesha kilichobaki baada ya kila aina ya gharama. Inasimama kwanza kwenye faida ghafi, baada ya kuondoa gharama ya bidhaa zilizouzwa. Kisha inasimama kwenye faida ya uendeshaji, baada ya kuondoa gharama za kuuza na za utawala, halafu kwenye faida kabla ya kodi, riba ikishahesabiwa. Kampuni iliyouza au kufunga sehemu nzima ya biashara yake ndani ya mwaka huongeza kituo kingine, nacho ni faida ya shughuli zinazoendelea. Chini ya kituo hicho matokeo ya sehemu iliyokoma huandikwa peke yake, yakiwa yamekwisha kukokotolewa pamoja na kodi yake.

Mpangilio huo unamsaidia msomaji anayetazama mbele. Mwenye hisa, benki au mnunuzi wa kampuni anataka kujua biashara itakayokuwapo mwaka ujao inazalisha kiasi gani, na biashara iliyokwisha kuuzwa haitazalisha wala kupoteza kitu tena. Kwa nchi zinazotumia viwango vya kimataifa, Tanzania na Kenya zikiwamo, sharti hilo limo katika kiwango cha IFRS 5 kilichotolewa mwaka 2004 na kuanza kutumika 1 Januari 2005. Marekani ina kanuni zake, lakini umbo la taarifa linakaribiana sana.

Mfano wa kubuni utaonyesha kazi yenyewe. Kampuni moja inauza vifaa vya ujenzi kwa jumla na rejareja: saruji, nondo, mabati na rangi. Kwa miaka kadhaa ilikuwa pia na kiwanda cha kuoka mikate, chenye wateja wake, meneja wake na hesabu zake. Tarehe 30 Septemba 2024 kiwanda hicho kiliuzwa. Mwaka wa fedha wa kampuni unaishia 31 Desemba, na kiwango cha kodi ya mapato ni asilimia 30, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha makampuni nchini Tanzania. Mhasibu anapewa orodha ya masalio kutoka kwenye leja, yote kwa mamilioni ya shilingi, bila mpangilio wowote wa maana:

| Akaunti | Salio |
|---|---|
| Fedha benki | 140 |
| Mauzo ya vifaa vya ujenzi | 2,460 |
| Mishahara ya wauzaji | 180 |
| Manunuzi | 1,490 |
| Wadaiwa | 295 |
| Riba iliyolipwa kwa benki | 72 |
| Mapato ya kiwanda cha mikate hadi 30 Septemba | 340 |
| Kodi ya pango ya maduka | 75 |
| Mauzo yaliyorudishwa | 45 |
| Uchakavu wa vifaa vya ofisi | 45 |
| Bidhaa ghalani 1 Januari | 310 |
| Gawio lililolipwa | 60 |
| Matangazo | 40 |
| Hasara ya kuuza kiwanda cha mikate | 70 |
| Usafirishaji wa bidhaa zilizonunuliwa | 50 |
| Usafirishaji kwenda kwa wateja | 65 |
| Mishahara ya ofisi | 150 |
| Manunuzi yaliyorudishwa | 30 |
| Kodi ya mapato ya mwaka | 45 |
| Gharama za kiwanda cha mikate hadi 30 Septemba | 420 |
| Punguzo kwa wateja | 15 |
| Ada za ukaguzi na wanasheria | 25 |
| Umeme, maji na simu | 20 |
| Riba iliyopokelewa | 12 |

Chini ya orodha kuna maelezo kwamba hesabu ya ghala iliyofanywa 31 Desemba ilikuta bidhaa za milioni 380.

Kazi ya kwanza ni kuondoa vitu visivyohusika. Fedha benki na wadaiwa ni mali, kwa hiyo nafasi yake ni kwenye mizania. Gawio huwanasa wengi kwa sababu linaonekana kama matumizi. Fedha zimetoka kweli. Lakini gawio ni mgao wa faida kwa wenye kampuni, nalo hupunguza faida iliyolimbikizwa bila kupita kwenye taarifa ya mapato. Kilichobaki hugawanywa katika mafungu mawili kabla ya hesabu yoyote kufanywa: ya vifaa vya ujenzi upande mmoja na ya mikate upande mwingine. Akaunti tatu ni za mikate waziwazi. Akaunti moja, ile ya kodi, ni ya pande zote mbili, na ndiyo itakayoleta taabu.

Sehemu ya juu ya taarifa haina ugumu. Mauzo ya 2,460 hupunguzwa bidhaa zilizorudishwa na punguzo la wateja, yakabaki mauzo halisi ya 2,400. Gharama ya bidhaa zilizouzwa huanza na bidhaa za mwanzo wa mwaka, 310, zikaongezwa manunuzi ya 1,490 na usafirishaji wa kuyaleta wa 50, kisha zikapunguzwa 30 zilizorudishwa kwa wauzaji. Jumla ni bidhaa za 1,820 zilizokuwapo kwa ajili ya kuuzwa. Zilizobaki ghalani ni 380, hivyo zilizouzwa ziligharimu 1,440. Faida ghafi ni 960, yaani senti 40 kwa kila shilingi ya mauzo.

Hapa kuna akaunti mbili za usafirishaji, na kuzichanganya ni kosa la kila siku. Nauli ya kuleta saruji kutoka kiwandani ni sehemu ya bei ya kuipata saruji, kwa hiyo huingia kwenye gharama ya bidhaa. Nauli ya kuipeleka kwa mteja ni gharama ya kuuza. Akiziweka zote mbili mahali pamoja, mhasibu hatabadilisha faida ya uendeshaji, lakini ataharibu faida ghafi, na faida ghafi ndiyo wafanyabiashara wa vifaa hulinganisha kati ya duka na duka.

Gharama za kuuza ni mishahara ya wauzaji, matangazo, usafirishaji kwenda kwa wateja na pango la maduka, jumla 360. Za utawala ni mishahara ya ofisi, uchakavu, ada za ukaguzi na wanasheria, pamoja na umeme, maji na simu, jumla 240. Faida ya uendeshaji ni 360. Riba iliyolipwa ikitolewa na iliyopokelewa ikiongezwa, faida kabla ya kodi ni 300.

Kabla ya kugusa kodi ni lazima kuuliza kama kiwanda cha mikate kinastahili kutengwa kabisa. Si kila kinachofungwa hustahili. IFRS 5 hutaka sehemu iliyouzwa au inayosubiri kuuzwa iwe na shughuli na mtiririko wa fedha unaoweza kutofautishwa na wa kampuni nzima, na iwe tawi kubwa la biashara au eneo kubwa la kijiografia linalojitegemea, au hatua katika mpango mmoja wa kuachana na tawi au eneo la namna hiyo. Kiwanda cha mikate kinapita bila shida. Kama kampuni hiyohiyo ingefunga duka moja kati ya maduka yake matano ya vifaa vya ujenzi, biashara ya vifaa ingeendelea na hasara ya duka lile ingebaki juu, pamoja na gharama nyingine za kawaida. Kishawishi cha kuisogeza chini ni kikubwa, maana kila hasara inayoshuka chini ya mstari huifanya biashara inayoendelea ionekane nzuri zaidi. Mkaguzi mzuri huanzia hapo.

Kishawishi cha aina hiyohiyo kipo kwenye gharama za pamoja. Tuseme kila mwaka makao makuu yalikuwa yakikitoza kiwanda cha mikate milioni 18 kama mchango wake katika mishahara ya mhasibu mkuu na mkurugenzi. Baada ya kiwanda kuuzwa, watu hao bado wapo na mishahara yao ni ileile. Gharama itakayoendelea haiwezi kwenda na kiwanda. Ndiyo maana katika orodha mishahara ya ofisi yote, 150, imebaki upande wa vifaa vya ujenzi. Riba huchunguzwa kwa jicho hilohilo: kama mnunuzi wa kiwanda angeuchukua mkopo wake, riba ya mkopo huo ingehamia kwenye shughuli iliyokoma, katika mfano huu mkopo umebaki kwa kampuni, na riba yake imebaki nao.

Matokeo ya mikate yana vipande viwili. Cha kwanza ni uendeshaji wa miezi tisa: mapato 340, gharama 420, hasara 80. Cha pili ni mauzo yenyewe. Mitambo, magari na jengo vilikuwa na thamani ya kitabuni ya 260. Mnunuzi alilipa 200, na dalali na wanasheria wakachukua 10, kwa hiyo kampuni ilipata 190 kwa mali ya 260. Hasara ya kuuza ni 70. Jumla ya hasara kabla ya kodi ni 150.

Sasa kodi. Orodha ina salio moja la milioni 45, nalo ni sahihi: kampuni ilipata 300 kwenye vifaa na kupoteza 150 kwenye mikate, ikabaki na 150 ya kutozwa kodi, na asilimia 30 ya hiyo ni 45. Mhasibu asiye makini hulichukua salio hilo kama lilivyo na kuliandika chini ya faida ya 300. Anapata faida ya shughuli zinazoendelea ya 255. Kisha anaondoa hasara ya mikate ya 150 na kufika kwenye faida halisi ya 105. Anaikagua faida halisi, anaona inalingana na leja, anaridhika.

Tatizo ni kwamba jibu la mwisho ni sahihi ilhali taarifa si sahihi. Kodi ya 45 ilikuwa ndogo kwa sababu hasara ya mikate iliipunguza. Bila kiwanda kile, vifaa vya ujenzi vingelipa asilimia 30 ya 300, yaani 90. Hasara ya mikate iliokoa kodi ya 45, ambayo ni asilimia 30 ya 150. Kwa hiyo kodi hugawanywa hivi: 90 huandikwa chini ya shughuli zinazoendelea, na nafuu ya 45 huandikwa kwenye shughuli iliyokoma, ambako hupunguza hasara kutoka 150 hadi 105. Tisini ukitoa arobaini na tano ni salio lilelile la leja. Hakuna kodi iliyoongezwa wala kufutwa. Imepelekwa tu mahali ilikotokea.

| Kwa mwaka ulioishia 31 Desemba 2024 | Sh milioni |
|---|---|
| Mauzo halisi | 2,400 |
| Gharama ya bidhaa zilizouzwa | (1,440) |
| Faida ghafi | 960 |
| Gharama za kuuza | (360) |
| Gharama za utawala | (240) |
| Faida ya uendeshaji | 360 |
| Riba iliyopokelewa | 12 |
| Riba iliyolipwa | (72) |
| Faida kabla ya kodi | 300 |
| Kodi ya mapato | (90) |
| Faida ya shughuli zinazoendelea | 210 |
| Hasara ya shughuli iliyokoma, baada ya nafuu ya kodi ya 45 | (105) |
| Faida halisi ya mwaka | 105 |

Tofauti kati ya 255 na 210 ni 45. Ni takriban asilimia 18 ya faida ambayo msomaji angetarajia kuiona tena mwaka unaofuata, na isingekuja. Kosa hili haligunduliwi kwa kulinganisha faida halisi, kwa kuwa njia zote mbili hufika kwenye 105. Hugunduliwa kwa kugawa kodi kwa faida iliyo juu yake. Katika taarifa iliyokosewa, 45 kwa 300 ni asilimia 15, nusu ya kiwango cha sheria, na hakuna maelezo yoyote ya kwa nini muuza saruji alipewa unafuu huo. Katika taarifa sahihi, 90 kwa 300 ni asilimia 30.

Kugawanya kodi kwa uwiano kunafaa katika mfano huu kwa sababu kila kitu kinatozwa kodi kwa kiwango kimoja. Mambo hayawi mepesi hivyo daima. Tuseme ndani ya ada za wanasheria za 25 kumefichwa faini ya milioni 10, ambayo sheria ya kodi haikubali itolewe kama gharama. Faida ya vifaa kwa macho ya mamlaka ya kodi inakuwa 310 na kodi yake 93. Nafuu ya mikate inabaki 45, na kodi yote ya mwaka inakuwa 48. Mtu akigawa 48 kwa uwiano wa faida na hasara za kitabuni atatumia asilimia 32 pande zote mbili, na kuipa mikate sehemu ya faini isiyo yake. Njia salama ni kukokotoa kodi mara mbili, kwanza bila shughuli iliyokoma, kisha pamoja nayo. Tofauti ndiyo kodi ya shughuli iliyokoma.

Nafuu ya kodi nayo haiji yenyewe. Hapa ipo kwa sababu vifaa vya ujenzi vina faida ya kutosha kuimeza hasara ya mikate, na mfano unachukulia kuwa sheria inaruhusu hasara hizo kufutana. Kama kampuni ingekuwa na mikate peke yake, hasara ya 150 isingeokoa shilingi hata moja ya kodi mwaka huo, na kuandika nafuu kwa matumaini ya faida zijazo kungehitaji ushahidi kwamba faida hizo zinatarajiwa kweli.

Hasara ya 105 huonekana kama mstari mmoja kwenye taarifa. Undani wake, yaani mapato, gharama, hasara ya kuuza na kodi ya kila kipande, unaweza kuwekwa kwenye maelezo ya hesabu. Nafuu ya uendeshaji ni 24 na ya kuuza ni 21, hivyo hasara mbili baada ya kodi ni 56 na 49. Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa huonyesha pia faida kwa kila hisa kwa mafungu yote. Ikiwa hisa ni milioni 3, shughuli zinazoendelea zinatoa shilingi 70 kwa hisa, iliyokoma inaondoa 35, na 35 zinabaki.

Safu ya mwaka uliotangulia ni jambo linalosahauliwa sana. Taarifa ya 2023 ilipotolewa, mikate na saruji vilikuwa pamoja. Tuseme mauzo halisi yaliyotangazwa yalikuwa 2,700, kati yake 450 ya mikate. Yakiachwa hivyo kando ya 2,400 ya mwaka 2024, kampuni itaonekana imeporomoka. IFRS 5 hutaka safu ya 2023 ipangwe upya ili mikate ishushwe chini huko nako. Mauzo ya 2023 yanakuwa 2,250, na ukweli unajitokeza: biashara ya vifaa imekua. Mizania ya mwaka uliopita haipangwi upya. Ni taarifa ya mapato tu.

Kuna pia suala la tarehe. Kama mpaka 31 Desemba kiwanda kingekuwa hakijauzwa, bado kingeweza kutengwa, ilimradi kiko tayari kuuzwa kilivyo, uongozi umejifunga kukiuza, mnunuzi anatafutwa kwa bei ya kweli na mauzo yanatarajiwa ndani ya mwaka mmoja. Kuanzia siku hiyo mitambo yake haiandikiwi uchakavu tena, na thamani yake hushushwa hadi bei inayotarajiwa ukitoa gharama za kuuza, ikiwa bei hiyo ni ndogo kuliko thamani ya kitabuni. Benki ya Barclays ya Uingereza ilifanya hivyo na biashara yake ya Afrika: katika hesabu za 2016, ikiwa bado haijamaliza kuuza hisa zake, iliionyesha kama shughuli iliyokoma. Wateja wa matawi ya Nairobi waliendelea kupanga foleni kama kawaida, na jina lilibadilika kuwa Absa mwaka 2020. Kukoma kunatazamwa kwa jicho la anayeuza. Biashara inayofungwa tu bila kuuzwa ina sharti tofauti: haihesabiwi kuwa imekoma mpaka kazi yake isimame kweli.

Umbo la sehemu ya juu litabadilika kidogo karibuni. Kiwango kipya cha IFRS 18, kilichotolewa Aprili 2024, kinaanza kutumika kwa miaka ya fedha inayoanza 1 Januari 2027 au baadaye. Kitafanya mstari wa faida ya uendeshaji, ambao hadi sasa kila kampuni iliuchora kwa namna yake, kuwa wa lazima na wenye maana moja, na kitatenganisha mapato ya uwekezaji na gharama za mikopo. Kodi na shughuli zilizokoma zimepewa mafungu yake ndani ya mpangilio huo, kila moja peke yake. Kwa kuwa taarifa ya 2027 italazimika kubeba safu ya kulinganisha, hesabu za mwaka 2026 nazo zitapangwa kwa umbo hilo jipya.